Lita Kumi za Walter

Nzilani, mpangaji wa safari katika kampuni ya mabasi ya Mbotela, alikuwa ameandika hali tatu. Dizeli ikipanda shilingi kumi kwa lita, nauli ibaki. Ikipanda thelathini, nauli iongezwe asubuhi na jioni tu. Ikipanda hamsini, basi linalokunywa zaidi liegeshwe.

Leo ilipanda hamsini. Basi la dereva Walter lilimeza lita kumi zaidi kwa siku kuliko mengine ya njia hiyo hiyo.

"Unaiuza wapi dizeli yetu, Walter?" Nzilani akamuuliza.

"Mama, niegeshe ukitaka, lakini usiniite mwizi."

Nzilani hakumwamini. Akaenda stejini Shauri Moyo, mabasi yanapopakia abiria, akajibanza nyuma ya marobota ya mitumba. Basi la Walter lilisimama nusu tupu, likinguruma, na kondakta akapaza sauti kwamba linaondoka sasa hivi. Dakika arobaini zikapita.

Akajitokeza. "Mbona huzimi injini?"

"Nikizima, abiria watajua hatuendi, wapande lile la mbele."

"Kesho zima. Nitabandika saa ya kuondoka kwenye kioo, uishike. Lita zikishuka, huegeshwi."

Walter akapumua. Nzilani akainama, akafunga kifuniko cha tangi kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo akautia kifuani.