Linki Kwangu, Neno la Siri kwa Mkwe

Mimi sina mdomo mchafu. Nina mdomo unaofanya kazi, na siku ya harusi ya mwanangu ulifanya kazi ya ziada. Ni binti wa kaka yangu, lakini nimemlea tangu anaota meno, kwa hiyo mtu asinisahihishe nikisema mwanangu.

Kosa ni la mpiga video. Alinibandika maiki ndogo kwenye kola kwa ajili ya hotuba, akambandika na mkwe wangu, mama wa bwana harusi, halafu akasahau kuzitoa. Hotuba zikaisha, nikatoka koridoni kupunga upepo na shoga yangu. Mara mkwe huyo, anapita. Gauni zito, rangi ya damu ya mzee, marinda mpaka chini, linafagia korido nzima. Nikamwambia shoga yangu lile ni pazia linatembea, tukacheka mpaka tukashikana mabega. Nilipokuja kuvuliwa ile maiki, kitaa chake cha kijani bado kinawaka, na mpiga video na hedifoni zake anaangalia viatu.

Nilimbembeleza afute. Akasema kwa adabu zote kwamba kazi ni ya bibi harusi, na yeye hafuti hata kikohozi bila mwenyewe kumwambia.

Sasa elewa shida yangu. Maharusi wakitoka fungate wanahamia kwenye kijumba cha uani kwa mkwe. Geti ni moja, na funguo zake hulala chini ya mto wa yule mama. Akisikia habari ya pazia, basi mwanangu nitakuwa namwona kwenye simu tu, na wajukuu wakija nitatumiwa picha. Wallahi hilo lilininyima raha kuliko nilivyoonyesha.

Katikati ya wiki mwanangu akanipigia. Alisema video yote imekamilika, lakini ni gigabaiti nyingi mno, haiendi kwa simu wala kwa barua pepe, kwa hiyo mpiga video ameipandisha kwenye ukurasa wa kupakulia. Huko waliko mtandao ni wa kubahatisha. Mimi nina duka la stesheneri, kompyuta tatu na mtandao wa kasi, basi amenitumia linki niipakue na kuihifadhi kwenye diski kabla ya Jumapili, maana siku hiyo linki inakufa.

Moyo wangu ukacheza ngoma. Filamu inafika kwangu kwanza! Kukata video najua, tangazo la duka nilitengeneza mwenyewe. Nakata kile kipande cha koridoni, nafuta na nyayo, kisha nakabidhi diski na tabasamu. Nikauliza neno la siri ni lipi.

"Liko kwa mama mkwe," akasema. "Mpiga video ametuonya, linki na neno la siri visipite njia moja. Mtu akinasa kimoja, asiwe na cha pili. Kwa hiyo linki kwako, neno la siri nimemtumia mama kwa meseji."

Alilisema hilo kwa ile sauti yake ya utotoni, ya mtu mwenye sukari mdomoni anayekataa kwamba amefungua kopo. Ilibidi nistuke pale pale. Sikustuka.

Nilifungua linki. Jina la faili lipo, ukubwa wake upo, na chini yake kisanduku kinachotaka neno la siri. Nikajaribu tarehe ya harusi. Nikajaribu majina yao, mbele nyuma, nyuma mbele, mpaka jina la paka wake wa zamani. Kila mara najibiwa si sahihi, na mwishowe ukurasa ukanigomea kabisa, ukaniambia nisubiri.

Ikabidi nimpigie mkwe, sauti imejaa asali. Nikamwomba anisomee tu hilo neno, asijisumbue kutoka. Akasema mambo kama hayo hayasomwi kwenye simu, atakuja mwenyewe. Nikamwambia basi atume meseji. Akasema simu yake haitumi meseji. Na hayo ya kwamba atakuja, dakika chache baadaye, alinithibitishia kwa meseji.

Nikajua ameshasikia. Anakuja kunisema mbele ya wateja wangu.

Jumamosi akaja, miwani puani, mkoba kwapani. Nikamvutia kiti bora, kile chenye mguu uliolegea nikakikalia mimi. Hakunisema. Hakusoma neno la siri pia. Alitaka aliandike mwenyewe, akaibana simu kifuani kama mwanafunzi anayezuia jirani asimwangalizie, akabonyeza kwa kidole kimoja. Kisanduku kikajaa vidoti. Si sahihi. Akarudia. Si sahihi. Nikamweleza kwamba herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti, aangalie vizuri. Jasho likaanza kumtoka, na mimi naogopa ukurasa utatugomea tena. Aliporudia mara ya tatu, kabla hajathibitisha, nikanyoosha mkono nikabofya alama ya jicho iliyo pembeni ya kisanduku. Vidoti vikageuka maneno.

PazianaSpikaMbovu.

Nilipoliona lile pazia, nikamwangalia mkwe usoni. Lakini mkwe hakulitazama pazia. Alipiga kiganja chake kwenye kioo, akafunika nusu ya pili ya neno.

"Mkwe, toa mkono," nikasema. "Spika mbovu ni nani?"

Akavua miwani, akaifuta bila sababu. "Ile hotuba yako ilikuwa ndefu. Nilimwambia dada yangu tu, tukiwa msalani. Sikujua ile maiki bado inasikia." Kisha akageukia kisanduku tena. "Na pazia ni nani?"

Ikawa zamu yangu kuangalia viatu. Akanisoma. Akashika ubavu wa nguo aliyovaa, kama vile gauni la siku ile bado liko mwilini.

Nilingoja nisikie geti likifungwa. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika, na nikachelewa kuelewa kwamba anacheka. Akaniambia kwamba kile kitambaa alikinunua duka la mapazia kweli, kilikuwa cha bei nafuu, na aliapa hakuna atakayejua. Nikacheka mpaka kiti kikaniangusha. Nami nikakiri kwamba hotuba ilipofika kwenye historia ya ukoo, hata mimi niliutafuta mlango wa kutokea.

Hapo ndipo akili ikaturudia. Neno la siri alilichagua bibi harusi. Kabla ya fungate alikaa na mpiga video kuchagua picha za albamu, na ametusikia sote, mwanzo mpaka mwisho.

Tukairekebisha ile n ikawa kubwa, faili ikaanza kushuka, na kwa ukubwa wake ikatuachia muda wa kutosha kupanga. Mkwe aliuliza kama najua kukata. Nikasema najua. Akafikiri, akasema hapana, iache kama ilivyo, ila huyu binti hawezi kupona hivi hivi.

Tulijirekodi pale pale kwa simu yangu, mabega yamegusana, mimi nikisimulia na mkwe akichochea, siku binti alipounguza maji, siku alipomlilia mwalimu wa hesabu, na mengine ambayo mumewe hajayajua. Nikaipandisha kwenye ukurasa kama ule ule, mkwe akachagua neno la siri lake na kuliandika huku mimi nimegeukia ukutani. Nikamtumia mwanangu linki.

Hakukawia kupiga. "Shangazi, inataka neno la siri. Mume wangu anauliza kuna nini humo."

"Mimi nina linki tu, mwanangu," nikamwambia. "Neno la siri liko kwa Pazia. Mkirudi mtalikuta getini, na atakayewafungulia ni Spika, maana funguo ameniachia mimi."