Kadi ya Pafu Lililosinyaa

Jina la Rula alipewa mwaka wa kwanza, kwa sababu hakuandika chochote bila kupiga mstari kwanza. Aliyembandika jina hilo ni Mlingoti, kijana mrefu mwembamba ambaye hakuna koti jeupe la chuo ambalo mikono yake iliwahi kumfika viganjani. Sasa walikuwa mwaka wa tatu wa udaktari, na Jumanne hiyo baada ya chakula cha mchana walijifungia kwenye chumba cha majadiliano nyuma ya maktaba, wao wawili na mwenzao waliyemwita Mama Wawili. Huyu alifanya kazi ya uuguzi miaka tisa na kuzaa watoto wawili kabla ya kurudi darasani.

Asubuhi mhadhiri wa magonjwa ya moyo alikuwa amewapitisha kwenye sababu za maumivu ya kifua. Alipomaliza alifunga kompyuta yake, akawatazama.

"Msinikaririe orodha," alisema. "Mgonjwa haji na orodha. Kila ugonjwa una sura yake, kama mtu. Utengenezeeni kadi: humpata nani, huanzaje na huendaje, kitu gani kimeharibika mwilini, na ni nini kinachoutenga na wenzake wanaofanana nao. Kadi moja, ugonjwa mmoja."

Basi Rula alikata karatasi ngumu, akapiga mistari minne kwa kila kadi, na kazi ikaanza. Mama Wawili alisoma daftari, Rula aliandika, Mlingoti aliigiza mgonjwa. Hapo ndipo alipokuwa fundi. Kwa kadi ya moyo kukosa damu alikuwa mzee mwenye kisukari, amekunja ngumi juu ya kifua, anasema amekaliwa na jiwe na uzito unapanda hadi tayani. Kwa kadi ya mshipa mkuu kuchanika aliruka kwenye kiti akashika mgongo. "Ghafla!" alipiga kelele. "Tangu sekunde ya kwanza, kama kanga inachanwa!" Rula akaandika: *maumivu hufikia kilele papo hapo, mapigo ya mkono huu na ule huweza kutofautiana*. Kwa damu iliyoganda na kuziba mshipa wa pafu alivuta mguu mmoja uliovimba. Mkutubi aligonga ukuta mara mbili.

"Leo huna pumzi ndefu," Mama Wawili alimtania. "Umezeeka?"

"Nimelala vibaya. Bega hili la kulia linanivuta tangu asubuhi." Akamgeukia Rula. "Huna dawa ya maumivu, dada?"

"Ninayo dawa ya uvivu," Rula alijibu bila kuinua kichwa. "Kaa chini, tumebakiza kadi mbili."

Kadi ya misuli ya kifua ilikuwa rahisi. *Alibeba au alijinyoosha. Kidole kikibonyeza mahali penyewe, anaruka.* Ya mwisho ilikuwa ya pafu kusinyaa, pale hewa inapotoroka kwenye pafu na kujaa kati yake na ukuta wa kifua. Mama Wawili alisoma: "Kijana wa kiume, mrefu, mwembamba, mara nyingi mvutaji sigara."

Wakatazamana, kisha wakamtazama Mlingoti, na kicheko kikawatoka wote watatu.

"Hii sura mmenichukua bila ruhusa," alisema. Akacheka, akakatiza kicheko katikati, akashika ubavu wa kulia.

"Umeona anavyoigiza!" Mama Wawili alipiga makofi. "Hata hatujafika kwenye dalili."

Rula alikuwa bado anaandika. *Huanza ghafla, hata mtu akiwa ametulia. Maumivu makali upande mmoja, huzidi akivuta pumzi. Anahema sana.* Alisubiri Mlingoti aigize. Alipoinua macho, kijana yule alikuwa anaitazama kadi, si wao, na jasho limemkaa juu ya mdomo.

"Rula," alisema taratibu. "Siigizi."

"Acha basi."

"Asubuhi nilikuwa nimeinama kufunga kamba za viatu. Kitu kikanichoma hapa, chaa! Nikasema ni msuli."

Rula aliweka kalamu chini. Alizunguka meza, akabonyeza ubavu wake kwa kidole, juu, chini, katikati. "Panauma?"

"Hapana."

Akabonyeza tena. Hapana. Kadi ya misuli ilikuwa imekataa. Mama Wawili alikwisha kumfungua vifungo vya shati. Wakaona wote: kifua cha kushoto kilipanda na kushuka, cha kulia kilikuwa kama kimelala. Rula aliweka stetoskopu kushoto, akasikia upepo wa pumzi. Akaiweka kulia. Hakusikia kitu. Akaisogeza, akadhani haikukaa vizuri masikioni, akaisogeza tena. Hakuna. Alipogonga kwa kidole, upande ule uliitika kama debe tupu.

"Tunakwenda dharura," alisema Mama Wawili kwa sauti ya wodini. "Hatembei. Kalete kiti cha magurudumu pale mapokezi, kimbia!"

Rula alikimbia. Aliporudi midomo ya Mlingoti ilikuwa imegeuka rangi ya majivu na hakuweza kumaliza sentensi. Walivuka uwanja wa hospitali wakisukuma, watu wakipisha, na Rula hakukumbuka baadaye kama alipiga kelele au la.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Aliweka kidole kwenye koo la Mlingoti, pale juu ya kifua. "Koromeo limesukumwa kushoto, hewa inabana moyo. Presha?"

"Themanini kwa hamsini," alijibu muuguzi. "Mapigo mia na arobaini."

"Oksijeni. Nipe sindano kubwa."

"Eksirei je?" Rula alijikuta anauliza.

"Tukisubiri picha tutampiga picha maiti."

Sindano iliingia kifuani. Hewa ikatoka, *fsss*, kama tairi linalotobolewa, na Rula aliisikia kwa masikio yake mwenyewe akiwa amesimama hatua mbili. Mlingoti alivuta pumzi moja ndefu kama mtu aliyeibuka kwenye maji. Rula akakaa sakafuni.

Kisha walimwekea mpira wa kutoa hewa, na eksirei iliyopigwa baadaye ilionyesha pafu limeanza kufunguka. Daktari alisema si kawaida hali kufikia pale, lakini hutokea.

Mama yake Mlingoti, fundi cherehani, alifika jioni na uzi bado umemng'ang'ania begani. Alisimama mlangoni kwanza, akiutazama ule mpira ubavuni mwa mwanawe na chupa ya maji chini ya kitanda, ambamo hewa ya kifuani ilikuwa ikitoka kwa mapovu.

"Alinipigia asubuhi," alisema. "Nikamwambia ajichue mafuta." Akamgeukia Rula. "Na wewe mwanangu, ulikuwa naye?"

Rula alitaka kusema ndiyo, tulimgundua. Maneno yaliyomtoka ni mengine. "Aliniomba dawa, mama. Nikamwambia ni mvivu. Alikaa mbele yangu kwa karibu saa tatu nzima, na mimi namwandika."

Mama yule alivuta kiti cha pili, akakigonga kwa kiganja ili Rula akae. Mlingoti alifumbua jicho moja.

"Uliandika kwenye kadi kwamba mgonjwa anahema sana?" aliuliza kwa shida.

"Niliandika."

"Futa. Mpaka kadi ya mwisho sikuhema."

Walikaa hivyo, mama na Rula, bega kwa bega, wakiangalia mapovu. Kila Mlingoti alipokohoa yaliongezeka, na kila yalipoongezeka Rula alishtuka.