Nakala Ishirini na Mbili

Bwana Seth aliandika tangazo lake kwa mkono, kwa kalamu ya wino, akamletea Mbodze aliyekuwa akihangaika na vocha za dizeli. Lilikuwa na mistari mitatu. Kwa sababu zisizozuilika, mishahara ya Novemba ingechelewa kidogo. Wafanyakazi wakaombwa wawe na subira. Malipo yangefanywa siku chache zijazo. Mbodze akalisoma, akalisoma tena, akahisi uchovu ukimshuka kutoka mabegani hadi kwenye vidole.

Alikuwa karani wa mishahara wa kampuni hiyo ya malori, pale Makupa, kwa mwaka wa kumi na mbili sasa. Maneno hayo aliyafahamu vizuri, kwani mwezi uliopita ni yeye aliyeyabandika ukutani. "Siku chache" zile zilikuwa tisa. Nazo hazikuishia ukutani. Watu wa Mombasa, wakidaiwa kodi, huja ofisini kuomba nakala ya tangazo yenye mhuri, wakamwonyeshe mwenye nyumba au mwenye duka. Mhuri ukishagongwa, karatasi ni ahadi. Mejumaa, mama anayewachemshia chai na kufagia ofisi, aliipeleka karatasi ile kwa mwenye nyumba wake, akapewa siku nne. Siku ya tano akakuta kufuli mlangoni na godoro lake nje, na mvua ya mwaka huo wa tisini na saba haikuwa mvua ya kuonea huruma godoro la mtu. Hakumlaumu Mbodze hata kidogo. Aliendelea kumletea chai asubuhi, na chai ile ndiyo iliyokuwa ikimkaa Mbodze kooni.

"Hili sitalipiga chapa," alimwambia Bwana Seth.

Bwana Seth alikaa kwenye kiti cha wageni, akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya, tuseme hivyo mapema. Alikuja Mombasa na kazi ya reli, akastaafu, akanunua lori moja, kisha matano. Ila alikuwa na ugonjwa wa wakubwa wengi: akiwa na habari mbaya huifungia ndani, akitumaini itaoza yenyewe. Alisema wakiandika ukweli wote wateja watasikia, na mteja akisikia kampuni haina pesa humpa mwingine mzigo wake. Mbodze akamuuliza kama wateja hawajui kwamba barabara ya Nairobi imekatwa na mafuriko, na kwamba malori manne yamekwama na mizigo yao. Akamwambia wasioelezwa ni hawa wa godauni tu, wanaoshinda njaa kwa sababu hiyo hiyo.

Walibishana mpaka adhuhuri. Mwishowe mzee akachoka kwanza, akasema haya, andika, nitatia sahihi.

Akaandika. Leo ni Jumatano tarehe ishirini na sita, mishahara ni Ijumaa, nayo haitakuwa kamili. Malori manne yamekwama tangu wiki mbili zilizopita, na wateja hulipa mzigo ukishafika. Benki kuna shilingi elfu arobaini na mbili. Mishahara yote ni laki moja na elfu ishirini. Ijumaa kila mmoja atapata elfu moja na mia tano, itakayokatwa katika mshahara wake, na zinazobaki zitanunua dizeli, kwani malori yasipotoka hakuna pesa kabisa. Siku ya kulipwa mishahara iliyobaki haijulikani, kwa hivyo haitajwi. Taarifa nyingine ni Jumatano ijayo, tarehe tatu Desemba, saa nne asubuhi, hapa hapa godauni, kuwe na jipya au kusiwe. Siku hiyo ni ya habari, si ya mshahara. Sentensi hiyo ya mwisho aliipigia mstari chini.

Pale pa kuomba radhi alikwama. Akamwita mzee, akamwambia hapo aseme mwenyewe. Bwana Seth akaenda dirishani, akasema polepole, na Mbodze akapiga chapa: "Kukatika kwa barabara si kosa langu. Kosa langu ni kujua wiki mbili nikanyamaza. Naomba radhi."

Zikatolewa nakala kwenye mashine ya stensili, ishirini na mbili, moja kwa kila mfanyakazi. Yeye Mbodze, wa ishirini na tatu, hakujihesabu. Alijiambia karani hahitaji karatasi aliyoiandika mwenyewe. Sababu ya kweli aliijua, akaipita haraka. Jumatatu jioni Bwana Seth alimpa bahasha kutoka mfukoni mwake, mshahara wake mzima, shilingi elfu tisa, akasema yeye ndiye uso wa ofisi na uso haufai kuonekana na njaa. Alipokea. Chumba chake cha ghorofani kule Kibokoni kilikuwa na deni la miezi miwili, naye akalilipa siku ya pili yake kabla ya kwenda kazini.

Saa kumi wakakusanyika godauni, wapakiaji, mafundi, matanboi wawili, wasaidizi wa madereva, waliorudi kutoka kwenye malori yaliyokwama, na Mejumaa mlangoni na birika lake. Mbodze alisoma kwa sauti, Bwana Seth kasimama kando yake, mikono nyuma. Alipofika kwenye radhi alimpa mzee karatasi, naye akaisoma mwenyewe. Hakuna aliyepiga kelele. Mtu aliyechoka hana haja ya kelele. Mmoja akauliza kama elfu na mia tano ni ya hakika, akaambiwa ni ya hakika. Mwingine akauliza je, tarehe tatu ikifika na malori hayajatoka? Mbodze akajibu kwamba atasimama hapo hapo na kuwaambia hayajatoka.

Ndipo Baya akainua mkono. Baya alikuwa nyapara wa wapakiaji, mtu wa makamo, mpole, ambaye wenzake walimfuata akikaa na wangemfuata akiondoka.

"Mbodze mwanangu," alisema, "na nyinyi wa ofisini mmelipwa?"

Bwana Seth akamtangulia. "Sote tuko sawa," alisema. "Hakuna aliyepata."

Mbodze aliitazama karatasi mkononi mwake. Kila kitu kilichoandikwa mle kilikuwa kweli, kazi yake ya siku nzima, na sasa uongo huo mmoja ungekiharibu. Angeweza kunyamaza. Mzee alikuwa amekwisha kumsemea. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka, na aliogopa, maana watu hawa walimpenda.

"Mimi nimelipwa," alisema. "Wote, elfu tisa, tangu juzi. Bwana Seth alinipa mfukoni mwake nami nikapokea. Sina cha kurudisha, nimelipa kodi."

Bwana Seth aliinamisha uso. Mejumaa, kule mlangoni, aliliweka birika chini, akamtazama Mbodze kana kwamba ndiyo kwanza wajuane. Hilo lilimuuma kuliko tusi lolote.

 Baya akasogea mpaka kwenye meza yenye mhuri, akaiweka nakala yake mbele ya Mbodze.

"Iandike na hiyo," alisema. "Ndipo ugonge mhuri."

Mbodze akachukua kalamu. Chini ya sahihi ya mzee akaandika: Mbodze, karani, amelipwa mshahara wake wote wa Novemba. Akagonga mhuri. Baya akaisoma, akaikunja, akasema wapakiaji watakuwepo Jumatano saa nne. Nyuma yake foleni ilikuwa imekwisha kujipanga, kila mtu na karatasi yake mkononi. Mbodze akaivuta ya pili, akaandika jina lake tena.