Shemeji Aliyeanguka Kutoka Juu ya Lori

Osward na Ruti walikuwa wametengeneza gemu ya mtu anayekimbia juu ya malori yaliyopanga foleni mpakani Tunduma, akiruka kutoka lori moja hadi jingine. Jumamosi moja waliipeleka kwenye kibanda cha gemu karibu na stendi ili watu waijaribu. Judith, mke wa kaka yake Osward, alikuwa amekuja sokoni kununua nguo, akapitia hapo, naye akapewa padi ya kuchezea.

Alianguka. Akarudia, akaanguka tena palepale.

"Nimebonyeza," alisema.

"Shemeji, hujabonyeza. Vidole vyako vimezoea jembe," Osward alimjibu.

Kibanda kizima kilicheka. Judith aliiweka padi taratibu, akachukua mfuko wake na kuondoka.

Ruti alikuwa amemrekodi Judith kwa simu akicheza, vidole na skrini pamoja. Waliporudi ofisini kwao aliicheza video polepole, akamwita Osward aione. Judith alikuwa amebonyeza, ila mguu wa mkimbiaji wa kwenye gemu ulikuwa ndio kwanza umetoka kwenye ukingo wa lori, na gemu ikamhesabu kuwa ameshaanguka. Mara nyingine alibonyeza kidogo kabla ya kutua, gemu ikaipuuza ile amri. Na pale aliporuka vizuri, kasi yote ya mbio ilikatika hewani, akadondoka katikati ya malori mawili.

"Macho yake yalimwambia bado yuko juu ya lori," Ruti alisema. "Gemu ndiyo iliyomkatalia."

Osward hakuwahi kuanguka pale kwa sababu aliiandika mwenyewe, na vidole vyake vilishajifunza kuzikwepa kasoro zake. Alihisi uso ukimwaka.

Walirekebisha. Mkimbiaji akawa anaruhusiwa kuruka hata akiwa ameupita ukingo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Amri ya aliyebonyeza mapema kidogo ilihifadhiwa, mkimbiaji akaruka mara tu alipogusa lori. Na kasi ya mbio ikaendelea naye hewani.

Osward aliibeba kompyuta hadi nyumbani kwa kaka yake, kijijini Itaka. Judith alisitasita, kisha akacheza akiwa amekaa kwenye kigoda. Alivuka lori baada ya lori, akaanza kutabasamu.

"Kumbe nimejifunza," alisema.

Ingekuwa rahisi kumwacha aamini hivyo. Osward alitazama chini.

"Hapana, shemeji. Ulikuwa sahihi tangu siku ile. Mimi ndiye niliyeandika vibaya, halafu nikakutukana mbele za watu. Nisamehe."

Judith aliacha kucheza.

"Mimi nimesikia," alisema. "Lakini waliocheka hawako hapa."

Jumamosi iliyofuata Osward alirudi kibandani na gemu iliyorekebishwa, akasimama na kuwaeleza wote kuwa kosa lilikuwa lake, akimtaja shemeji yake kwa jina. Wawili watatu walimsikiliza. Wengine hawakukumbuka hata ni mwanamke yupi anayemzungumzia, wakaendelea kucheza. Alikaa pembeni na aibu yake, akiwatazama wakivuka malori bila kuanguka.