Neno Nililoongeza Kwenye Daftari

Mke wa mwanangu anauza matangi ya maji. Mwezi ule, asipouza tangi moja zaidi, kazi hana. Kila anayeulizia ana ukurasa wake katika daftari: alisema nini, anasubiri nini, apigiwe lini. Mimi humsaidia kuandika, na mkono wangu una kiherehere.

Siku moja mwalimu mstaafu akaingia dukani.

"Karibu, mwalimu," mkwe wangu akasema. "Mbwa amepona mguu? Na mkeo amesharudi kutoka kwa dada yake? Ulisema hukati shauri bila yeye."

"Amerudi, na amekubali. Ila mimi bado nasitasita. Lakini wiki tatu zimepita, binti, unakumbukaje yote hayo?"

"Naandika." Akamgeuzia daftari kwa fahari. Nikachukua kitambaa cha kufutia.

Mwalimu akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Anaogopa tangi jeusi litachemsha maji. Aonyeshwe jeupe. Mbishi kama punda, ila punda mwenye adabu."

Nikaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Kumbe mke wangu alipita hapa," akasema taratibu. "Maneno hayo ni yake."

"Hapana, mwalimu," mkwe wangu akanong'ona. "Ni ya mama mkwe wangu, huyo mwenye kitambaa."

Mwalimu akanitazama, kisha akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Basi wameafikiana watu wawili wasiojuana. Niletee hilo jeupe kabla hajatokea wa tatu."

Kazi ya mkwe wangu ikapona. Mimi nimebakiziwa kuandika tarehe tu, tena kwa penseli.