Sahani za Rangi ya Udongo

Mimi ni mpishi wa shughuli, na nina mdomo. Harusi, misiba, mikutano ya wenye suti, wote nawapikia, na wote wamenisikia nikihubiri habari za sahani. Zile nyeupe za plastiki niliziacha siku mfereji wa nyuma ya jiko langu ulipoziba kwa sahani nilizopakulia kwa mikono yangu. Nikahamia hizi za rangi ya udongo, zenye jani la kijani na neno moja kubwa: HUOZA. Wateja wengine huwaacha wapishi wenye mkono kunizidi wakanifuata mimi, kwa ajili ya sahani tu.

Kitinda mimba wetu, niliyemlea tangu mama alipofariki, akaajiriwa na kampuni inayotengeneza sahani hizo, idara ya matangazo. Mtaa mzima ulinikoma kwa majigambo. Akiwa bado kwenye majaribio, aliwaahidi wakubwa zake mteja wa kweli wa kutokea kwenye tangazo, si mwigizaji: dada yake.

Asubuhi ya kupiga tangazo, uani kwangu kulijaa nyaya na taa. Mpiga picha, mtu mchangamfu, akaniuliza sahani zikishatumika nazipeleka wapi.

"Nazifukia na maganda," nikamwambia. "Shimo lile pale, la tangu mwaka jana."

"Basi tuanzie hapo. Mama anafukua, watu wanaona udongo mweusi."

Mdogo wangu akadai mwanga wa upande ule ni mbaya. Mpiga picha akamwambia mwanga ni kazi yake. Nikachukua jembe.

Maganda yalikuwa udongo kweli, na harufu yake nzuri ya mvua. Sahani zilikuwa zimekaa vilevile, moja juu ya nyingine. Ungezisuuza ukawapakulia wageni. Nikazidi kuchimba nikidhani nimekosea shimo, kana kwamba mtu hukosea shimo lake mwenyewe.

Mdogo wangu akanivuta stoo, akafunga mlango.

"Zinaoza, dada. Si uongo."

"Lini? Siku ya kiama?"

"Ni plastiki inayotengenezwa kwa mahindi. Inataka kiwanda maalumu, joto kali lisiloshuka kwa wiki nyingi. Shimo la nyumbani halifikishi joto hilo."

"Kiwanda hicho kiko wapi?"

"Kwetu hakipo." Akageuza pakiti, akanionyesha chini kabisa, maandishi kama sisimizi: *katika mazingira maalumu ya kiwandani*.

"Na hii rangi ya udongo?"

"Tumeitia. Watu wakiiona wanadhani ni karatasi."

"Jani je? Si muhuri wa wakaguzi?"

"Tulilichora ofisini."

"Hapa mnasema plastiki imepungua kwa nusu."

"Kuliko sahani yetu ya zamani. Ile nzito tuliyoacha kuitengeneza."

Hasira zilinipanda hadi masikio yakaziba. Walikuwa wamemwinda mtu wa aina yangu hasa, yule anayegeuza pakiti na kuuliza, kisha wakamwekea jani aache kuuliza. Nikamwambia natoka nikayaseme yote mbele ya kamera.

"Sema, dada. Wanajua wewe ni dada yangu. Ajira yangu wanaiamua mwezi huu, na wifi yako anajifungua karibuni." Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananiomba.

Tulipotoka, shimo lilikuwa limefukiwa. Juu yake wamemwaga udongo mweusi wa dukani, wakachomeka mche. Mkuu wa matangazo, mama mmoja mpole, akanishika bega.

"Usiseme zinaoza, mama. Hilo liko kwenye pakiti, wanasheria wamelipitia. Wewe sema unavyojisikia tu. Sema, 'Nimechagua kesho ya wajukuu wangu.' Hisia haina mkaguzi."

Nikamwangalia mdogo wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta kamba ya kitambulisho shingoni. Nikapiga magoti kando ya mche, nikasema kama mama yule alivyotaka. Machozi yalinitoka, ya hasira tupu, na mpiga picha akanong'ona kwamba hicho ndicho alichokuwa anakitafuta. Hawakuhitaji kurudia.

Wakati wanakunja nyaya, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, aliyefika shimo likiwa limeshafukiwa, akanisogelea akiwa na pakiti mkononi.

"Nimekuwa nikisitasita," akasema. "Watoto wale wote, sahani kila siku. Matangazo siyaamini, lakini wewe nakufahamu. Niziagize?"

Mdogo wangu alikuwa nyuma yake, amesimama na taa mkononi, akinitazama.

"Agiza mapema, mwalimu," nikamwambia. "Huwa zinaisha."