Watu Tisa na Lita Kumi na Mbili

Mimi nilisomea Kiswahili. Niulize ngeli, niulize methali, nitakujibu hata nikiwa nimelala. Lakini mwalimu wa hesabu alipokwenda kujifungua, mwalimu mkuu alitutazama sote ofisini, kidole chake kikatua kwangu. Ningekataaje? Nilikuwa kwenye majaribio, na mkataba wangu ulikuwa kwenye droo yake bila sahihi.

Mada ya kwanza ikawa uwiano. Nikakesha na kitabu na bado sikuona mbele wala nyuma, basi nikajitungia njia ya mkato: ukiona watu, ni uwiano kinyume, ukiona vitu vitupu, ni wa moja kwa moja. Watoto wakaipenda. Waliiimba mpaka uwanjani, nami nikavimba kichwa.

Siku ya kukaguliwa, mwalimu mkuu akaja akajibana kwenye dawati la nyuma, magoti juu. Alikuwa ameshaniambia bila kuzunguka: baada ya kipindi hiki, ama atie sahihi, ama anitafutie mbadala. Nikagawa karatasi ya mazoezi. Ilikuwa na safu mbili, "Aina" na "Hesabu". Aina kwanza, ndipo hesabu.

Swali la kwanza: daftari nne zina uzito wa gramu mia sita, daftari kumi je? Vitu vitupu. Moja kwa moja, gramu elfu moja na mia tano. La pili: mafundi sita wenye kasi sawa wanapaka ukuta rangi kwa siku nne, mafundi wanane je? Watu! Kinyume, siku tatu. Mwalimu mkuu akatikisa kichwa kukubali, na moyo wangu ukatulia.

Swali la tatu: watu sita wanakunywa lita kumi na nane za maji kwa siku, kila mmoja sawa na mwenzake. Watu tisa je?

"Watu! Kinyume!" darasa likaitika. "Lita kumi na mbili!"

Nikachungulia majibu yangu. Kumi na mbili. Nikaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri kabisa.

Mkono ukanyooshwa. Alikuwa yule msichana tunayemwita Wakili, kwa sababu hajawahi kukubali jambo bila kubishana.

"Mwalimu, watu wameongezeka, maji yamepungua. Hao wageni wamekuja kunywa au kumwaga?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi nikatazama ubao, nikatazama karatasi, nikatazama ubao tena. Kanuni inasema kinyume. Koo langu linasema watu tisa wana kiu zaidi ya sita. Nani mwongo? Sikuthubutu kutazama dawati la nyuma.

"Tuiruke kwanza," nikasema. Wapi! Nilikuwa naruka majivu nikanyage moto. Swali la nne: shati moja likianikwa juani linakauka kwa saa mbili. Mashati matano yakianikwa pamoja, kila moja na nafasi yake, jua lile lile, je?

"Vitu vitupu! Saa kumi!"

"Zikipita saa kumi, jua limeshazama," akasema Wakili. "Labda ni kinyume? Dakika ishirini na nne?"

Wakagawanyika, wakapigiana kelele, kisha wote wakanigeukia. Nami nilikuwa sijui. Nilisimama na chaki mkononi, nimechanganyikiwa kuliko wao, na nikaona aibu kweli kweli.

"Sijui," nikasema. "Futeni ile kanuni yangu. Ni ya uongo. Tuulizane upya: hiki kikiwa mara mbili, kile kinakwenda wapi?"

Watu mara mbili? Maji mara mbili, wakasema. Basi ni moja kwa moja, lita tatu kila mtu, ishirini na saba. Mafundi mara mbili? Siku zinabaki nusu. Hiyo ndiyo kinyume. Mashati mara mbili?

Nikaikumbuka kamba yangu ya kuanikia nguo nyumbani.

"Saa mbili zile zile," Wakili akasema polepole. "Haziendi popote. Sasa kwenye aina tuandike nini?"

"Andikeni: si hii wala si ile."

Kengele ikalia, wao bado wanabishana, wakatoka wakibishana. Mwalimu mkuu akajinasua kwenye dawati, akaja mbele.

"Umekosea ubaoni mbele yangu," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na miaka yote niliyokagua, sijaona watoto wakitoka kwenye kipindi cha hesabu bado wanabishania hesabu." Akatoa mkataba mfukoni, akautia sahihi juu ya meza yangu. "Hongera."

Nikaupokea kwa mikono miwili, machozi yakinilenga. Kisha nikausoma. Pale palipoandikwa Kiswahili alikuwa amekata mstari, na juu yake ameandika Hesabu.

"Mwalimu," nikaita, lakini alikuwa ameshafika mlangoni, na mimi sikujua kama namwita kumshukuru au kumsihi.